X32 imekwama kwenye nembo baada ya umeme kukatika: namna ya kuifufua

*"Fundi, habari za kazi. Nipo Tanga, Ngamiani, nashika sauti kwenye ukumbi wa sherehe. Tuna miksa ya Behringer X32 na kisanduku cha kuchomekea maiki cha S16 jukwaani. Juzi usiku nilikuwa naiwekea programu mpya kwa flashi, umeme ukakatika katikati. Uliporudi nikawasha, inaleta nembo tu na kusimama hapohapo. Jumamosi tuna harusi na taarab. Ndiyo imekufa? Na ikipona, nifanyeje isitokee tena?"*

Ndugu yangu, pole. Miksa inayowasha skrini na kuleta nembo haijafa. Umeme unaingia, bodi kuu inaamka, na kile kipande kidogo cha programu kinachotangulia kila kitu kingali kinafanya kazi. Kilichoharibika ni programu endeshi yenyewe, na hiyo inaandikwa upya kwa njia ileile uliyokuwa ukiitumia juzi. Kabla hujaanza, chomoa plagi ya miksa ukutani na uiache hivyo mpaka flashi iwe tayari. Kuizima na kuiwasha mara ishirini hakutaibadilisha, na kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo unajiongezea hatari nyingine.

Ukijua kilichotokea ndani, hatua zinazofuata hazitakutisha. Kumbukumbu inayobeba programu endeshi haiandikwi juu ya maandishi ya zamani kama unavyoandika juu ya ubao. Lazima sehemu husika ifutwe kwanza, ndipo mapya yaandikwe. Umeme ukikatika kati ya kufuta na kuandika unabaki na nyumba iliyoezuliwa makuti ya zamani huku mabati mapya hayajapandishwa. Lakini X32 ina hali yake ya kusasisha, ambayo huingiwa kwa kushikilia kitufe cha UTILITY wakati wa kuwasha. Ukiingia humo, miksa haijaribu kupanda kwa kawaida. Inakwenda kwenye tundu la USB kutafuta faili. Hiyo ndiyo njia yako ya kutokea.

Hapo pia ndipo watu wanapojichanganya. Ukiingia kwenye hali hiyo na miksa isipate faili, au ikapata faili bovu, inakaa hapohapo na haipandi. Mtu anaiona imeganda, anadhani ameimaliza kabisa, kumbe inasubiri. Kwa hiyo jaribio la kwanza kabisa ni jepesi: toa flashi, chomeka umeme, washa bila kugusa kitufe chochote, kisha subiri dakika tano kwa saa, si kwa kukisia. Ikipanda mpaka ukurasa wa HOME, basi juzi umeme ulikatika kabla haijaanza kufuta chochote, na programu ya zamani ipo salama. Kama ndivyo, usikimbilie kusasisha tena wiki hii. Fanya harusi kwanza.

Ikikwama kwenye nembo tena, tunaandaa flashi. Nitakaa hapa kwa muda, maana X32 nyingi zinazokataa kufufuka huwa zimekataa flashi tu.

Tafuta flashi ndogo ya kawaida, ya GB 4 mpaka 32. Usitumie diski ya nje, wala flashi ya GB 128 unayohifadhia miziki ya ukumbini. Lazima iwe imefomatiwa kwa FAT32. Flashi kubwa zinazouzwa madukani huja na exFAT, na ukifomati kwa simu mara nyingi utapata hiyohiyo exFAT. Miksa haiisomi, na haitakuambia kuwa haiisomi. Itakaa kimya kana kwamba hujachomeka kitu. NTFS nayo ni vivyo hivyo.

Usifomati kwa kubofya tu ndani ya Windows, kwa sababu flashi iliyowahi kutumiwa kuwekea Windows au kuchomekwa kwenye king'amuzi inaweza kuwa na vigawanyo viwili, na miksa ikaangalia kile kisicho na faili. Isafishe yote. Fungua dirisha la amri kama msimamizi wa kompyuta, uandike hivi:

```
diskpart
list disk
select disk 1
clean
convert mbr
create partition primary
format fs=fat32 quick label=X32
assign
exit
```

Namba `1` hapo ni mfano. Baada ya `list disk` tazama ukubwa: flashi ya GB 8 itaonekana kama GB 7 na ushee, na diski ya kompyuta itakuwa mamia ya GB. Ukichagua namba isiyo yake, amri ya `clean` itafuta orodha ya vigawanyo vya kompyuta yako yote bila kukuuliza mara ya pili. Chomoa flashi nyingine zote kabla ya kuanza ili usiwe na cha kukisia.

Sasa faili. Lipakue upya kutoka tovuti ya Behringer, kwenye ukurasa wa X32 yako hasa. M32 ya Midas ni ndugu yake wa karibu, lakini ina ukurasa wake na faili lake, na kila moja ibaki na la kwake. Usichukue faili kwenye kundi la WhatsApp hata kama aliyetuma unamwamini, kwa sababu hujui limepita kwenye simu ngapi. Ukipakua kwa bando la simu, hakikisha limefika lote. Linakuja ndani ya kifurushi cha `.zip`. Kifungue kwenye kompyuta. Kikigoma kufunguka au kikileta kosa, hakijakamilika, pakua tena. Ndani yake kuna faili ambalo jina lake linaanza na `dcp_corefs` na kuishia na `.run`. Hilo ndilo miksa inalolitafuta.

Faili hilo linakaa juu kabisa kwenye flashi, nje ya folda yoyote. Usilibadilishe jina, na usiweke kifurushi cha `.zip` chenyewe, kwani miksa haijui kukifungua. Yasikae mafaili mawili ya matoleo tofauti. Kama ulipakua mara mbili, kompyuta huongeza `(1)` kwenye jina. Futa lote, anza na moja safi.

Baada ya kunakili, hakiki kwamba kilichopo kwenye flashi kinalingana na kilichopo kwenye kompyuta. Flashi za bei ya chini huandika vibaya kimyakimya. Tuseme flashi ni `E:` na uko ndani ya folda ulikofungulia kifurushi, andika hivi ukiweka jina kamili la faili lako:

```
certutil -hashfile dcp_corefs.run SHA256
certutil -hashfile E:\dcp_corefs.run SHA256
```

Utapata mistari miwili mirefu ya herufi na namba. Ikifanana yote, nakala ni nzima. Ikitofautiana hata herufi moja, tupa flashi hiyo, chukua nyingine. Ili uhakika uwe kamili, toa flashi kwa njia ya usalama, ichomeke tena, kisha urudie mstari wa pili. Ukihakiki mara tu baada ya kunakili, kompyuta inaweza kukusomea kilichobaki kwenye kumbukumbu yake badala ya kilichoandikwa kwenye flashi.

Usichomoe tu flashi na kuondoka nayo. Itoe kwa "Safely Remove". Faili lililokatika mwisho kwa kuchomolewa haraka linaonekana kwenye orodha kama faili zima.

Mwisho wa maandalizi, angalia tundu la USB la miksa. Kwetu pwani hewa ya chumvi hula vyuma, na ukumbi ulio wazi upande wa bahari hula zaidi. Ni lile tundu la juu kwenye paneli unalochomeka flashi ukirekodi. Mulika kwa tochi. Ukiona ukijani au utando mweupe kwenye miguso, miksa ikiwa imechomolewa umeme, nyunyiza kidogo kisafishio cha miguso ya umeme ndani, chomeka na kuchomoa flashi mara kadhaa, acha ikauke dakika kumi na tano. Usitumie petroli wala mafuta ya kulainisha bawaba.

Sasa umeme. Hapa usiniwekee "nitabahatisha, saa hizi hukatika mara chache". X32 inakula takriban wati 120, kwa hiyo UPS ndogo ya 650 VA inaitosha vizuri ikiwa betri yake ni nzima. UPS za namna hiyo kwa kawaida zina betri moja ya volti 12 na Ah 7, yaani kama Wh 84. Ukitoa upotevu na uzee wa betri, kwa mzigo huo tarajia dakika kumi na zaidi. Kusasisha kunaongeza dakika mbili au tatu tu juu ya muda wa kawaida wa kuwaka. Hesabu inakubali, ila usiiamini kabla hujaijaribu. Chomeka kwenye UPS kitu kingine cha wati mia hivi, kwa mfano balbu ya zamani ya wati 100 au feni mbili, kisha chomoa UPS ukutani na utazame saa. Ikizima kabla ya dakika kumi, betri imechoka, inunuliwe nyingine. UPS iliyokaa dukani au chini ya meza miaka mitatu huwasha taa ya kijani na kukuaibisha sekunde ya tano.

Kwenye UPS hiyo ichomekwe miksa peke yake. Amplifaya na spika zenye umeme wake zisikaribie. Jenereta ndogo ya ukumbi usiitegemee moja kwa moja, maana friji la vinywaji likianza kazi, volti hushuka. Kama huna umeme wa ukuta, jenereta ilishe UPS, na UPS ilishe miksa.

Ukiwa na flashi na umeme, fanya hivi kwa mfuatano huu. Zima amplifaya zote na spika zote, kwa sababu miksa ikiwa katikati ya kuwaka inaweza kutoa mshindo kwenye njia za kutokea na kukuchania spika. Chomoa nyaya zote za data nyuma: AES50 ya kwenda S16, waya wa mtandao, na USB ya kompyuta ya kurekodia. Hazihitajiki, na ukibaki na miksa tupu utajua kosa likitokea ni la nani. Chomeka flashi.

Weka kidole kwenye UTILITY, kwenye safu ya vitufe iliyo kando ya skrini pamoja na HOME, METERS, ROUTING na SETUP. Bonyeza na ushikilie kwanza, ndipo mkono mwingine uwashe swichi ya nyuma. Kosa la kawaida ni kuwasha kwanza halafu kukimbilia kitufe. Kwa kuwa swichi iko nyuma na kitufe kiko mbele, kwa X32 kubwa ni afadhali mtu wa pili awashe. Endelea kushikilia mpaka skrini ionyeshe kuwa kazi ya kusasisha imeanza, kisha achia na uondoe mikono.

Kuanzia hapo kila kitu kinakwenda chenyewe. Skrini inaweza kusimama bila mabadiliko kwa muda, na taa zikakaa kama zilivyo. Huo ndio wakati ambao mtu hushindwa kuvumilia akazima, na anajikuta amefanya kile kilichofanywa na umeme juzi. Weka kikomo kabla ya kuanza: dakika kumi na tano bila kugusa. Ikimaliza, itapanda yenyewe, utasikia feda zenye mota zikijipanga, na ukurasa wa HOME utatokea. Toa flashi, zima kwa utaratibu, washa mara moja bila UTILITY kuhakikisha inapanda kama kawaida, halafu uingie SETUP usome namba ya toleo. Ilingane na ya faili ulilopakua.

Ikishindikana mara ya kwanza, usikate tamaa wala usirudie kitu kilekile. Kama imekaa kimya dakika zote kumi na tano, karibu kila mara ni mojawapo kati ya mambo mawili: ama kitufe hakikushikwa mapema, ama flashi haikusomwa. Zima, subiri nusu dakika, jaribu flashi ya aina nyingine kabisa iliyoandaliwa kwa hatua zilezile. Flashi ambayo kompyuta inaipenda si lazima miksa iipende. Kama nayo imegoma, pakua faili upya kwa kompyuta nyingine, jaribu mara ya tatu. Flashi tatu tofauti, faili mbili zilizopakuliwa mbali mbali, kisha simama hapo.

Zipo dalili ambazo flashi haiziwezi. Miksa isiyowasha taa hata moja ina tatizo la umeme. Anza na plagi: plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zina fyuzi ndani, na umeme unaporudi kwa nguvu hiyo ndiyo huwa ya kwanza kukatika. Jaribu waya mwingine wa umeme kabla ya kumshtua mwenye ukumbi. Kama waya ni mzima na miksa bado ni giza, moduli ya umeme ndani imeguswa, na kwa hali hiyo kushikilia UTILITY hakuna maana. Miksa inayojizima na kujiwasha yenyewe kila sekunde chache, hata bila flashi, nayo mara nyingi inaonyesha umeme dhaifu wa ndani kuliko programu mbovu. Na ile ambayo skrini inabaki giza huku vitufe vikiwa na taa, inaweza kuwa kebo ya skrini au bodi. Hizo ni za fundi wa elektroniki mwenye vifaa. Usifungue mwenyewe, kwani kapasita za moduli ya umeme hubaki na volti za kuua hata baada ya kuchomoa. Mwandikie fundi karatasi: namba ya mfululizo ya miksa, toleo ililokuwa nalo, toleo ulilokuwa unaweka, umeme ulikatika dakika ya ngapi, na taa zipi zinawaka sasa. Karatasi hiyo itamwokolea nusu siku ya kubahatisha.

Tuseme imepona. Usichomeke S16 na kuanza kupiga muziki. Kwa kawaida kusasisha hakufuti mipangilio uliyohifadhi, lakini kuandika kulikokatika si jambo la kawaida, kwa hiyo kagua. Fungua ukurasa wa SCENES, angalia kama majina yako yapo. Yakiwepo, yahamishie kwenye flashi nyingine papo hapo kabla ya lolote, kwa chaguo la kutoa nakala ya show nzima. Kama miksa inafanya mambo ya ajabu, mfano chaneli zinazojifungua zenyewe au kurasa zisizofunguka, ndipo utumie "Initialize" iliyo ndani ya SETUP. Itairudisha kama ilivyotoka kiwandani, ndiyo maana nakala inatangulia.

Na hapa kuna mtego kwa wanaotumia X32-Edit kwenye kompyuta. Ukiunganisha, programu inauliza data itoke wapi iende wapi: kutoka miksa kwenda kompyuta, au kompyuta kwenda miksa. Kama miksa ni tupu na kompyuta ina kazi yako ya wiki iliyopita, ukichagua kutoka miksa umefuta nakala yako ya mwisho kwa mkono wako. Hifadhi kwanza ilichonacho kompyuta kama faili la `.scn`, ndipo uunganishe.

Kama ilibidi urudishe ya kiwandani, mambo matatu yatakufanya udhani bado ni mbovu. La kwanza ni kimya: kiwandani chaneli zote zinachukua sauti kwenye matundu ya nyuma ya miksa yenyewe, si S16. Ingia ROUTING, ukurasa wa INPUTS, kikundi cha 1-8 kiwekwe AES50 A 1-8, na cha 9-16 kiwekwe AES50 A 9-16. Maiki za waimbaji na kinanda zitaonekana mara moja kwenye METERS. La pili ni spika. Main kushoto na kulia hutoka kwenye OUT 15 na 16 za miksa, wakati S16 ina matundu manane tu ya kutolea. Kwenye ROUTING, ukurasa wa AES50 A, kikundi cha 1-8 kiwekwe Out 9-16. Hapo main itatokea kwenye tundu la 7 na la 8 la S16, ikiwa S16 imepangwa kutoa chaneli 1-8. Ikiwa nyaya za spika zenu zimechomekwa kwingine kule jukwaani, fuata nyaya.

La tatu ni umeme wa maiki, ule wa volti 48. Baada ya kurudishwa kiwandani unakuwa umezimwa, kwa hiyo maiki za kondensa ulizoweka kwenye ngoma au mbele ya akodioni zitakuwa bubu huku zile za dainamiki zinasikika. Washa kwa chaneli zinazohitaji tu. Kisha hakikisha saa ya ndani iko 48 kHz na chanzo ni miksa yenyewe, na taa ya AES50 kwenye S16 ni ya kijani. Nyekundu au mikwaruzo kama ya mchanga kwenye sauti inaonyesha saa hazijapatana au waya wa AES50 umechoka.

Kwa mara ijayo, UPS, flashi iliyohakikiwa, na nakala ya show kwenye flashi ya pili tumeshavizungumza. Kitu ambacho ningekibadilisha kabla ya vyote ni siku. Juzi usiku kabla ya harusi ya Jumamosi ni wakati mbaya hata kama umeme ungekuwa wa uhakika. Sasisha asubuhi ya siku ya kwanza baada ya sherehe, ili ubaki na juma zima la kugundua makosa. Kabla ya kuanza soma maelezo ya toleo jipya. Kama hakuna hata mstari mmoja unaogusa kifaa ulichonacho au tatizo linalokusumbua, acha lilivyo. X32 haidai programu mpya ili ipige taarab. Zima miksa kila siku kwa Shutdown iliyo ndani ya SETUP, si kwa kugonga swichi ya nyuma, ili iandike hali yake ya mwisho kwa utulivu. Na faili la toleo lililokuwa likifanya kazi vizuri liweke kwenye kompyuta pamoja na nakala yake kwenye flashi iliyofungwa kwa gundi ndani ya kisanduku cha miksa. Toleo jipya likikuletea balaa, unarudi nyuma kwa hatua zilezile za UTILITY. Kumbuka tu kwamba mipangilio uliyohifadhi kwa toleo jipya inaweza isifunguke sawasawa kwenye la zamani, hasa upande wa ROUTING, kwa sababu njia za mtumiaji zilizoletwa na toleo la 4.0 hazikuwepo kabla yake. Hiyo ndiyo sababu nakala ya show ichukuliwe kabla ya kusasisha, wala isingoje baadaye.

Kuhusu Jumamosi: jipe mwisho wa Alhamisi mchana. Kama mpaka hapo haijapanda, tafuta ya kukodi hapo Tanga au Dar es Salaam, na uombe X32 nyingine, Compact au Producer ikibidi, ili faili zako za `.scn` zikufae na S16 iliyopo jukwaani iendelee kutumika kwa waya uleule. Ikifika, soma toleo lake kwenye SETUP kabla ya kupakia chochote. Likiwa la zamani kuliko lako, usipakie show nzima. Panga ROUTING kwa mkono kama nilivyoeleza hapo juu, kisha weka chaneli moja moja. Kwa taarab ya maiki kumi na mbili hivi, kazi hiyo ni ya saa moja na nusu, kwa hiyo omba iletwe Ijumaa, si Jumamosi mchana.